Ujumbe uliotiwa nyota huhifadhiwa wapi, na hurudi vipi simu inapobadilishwa

Mwongozo huu unahusu WhatsApp kwenye simu za Android, ambazo ndizo zilizo mikononi mwa wafanyabiashara, wahazini wa vikundi na walimu wengi hapa Uganda. Unajibu swali ambalo kwa kawaida huulizwa kwa kuchelewa, simu ikiwa imekwisha kuibwa au kioo kimekwisha kupasuka: je, ujumbe nilioutia nyota, ule uliobandikwa juu ya kikundi na ule niliojitumia mwenyewe utarudi kwenye simu mpya? Jibu linategemea jambo moja, nalo ni kujua kwamba nyota si nakala.

Unapobonyeza ujumbe kwa muda na kuchagua alama ya nyota, WhatsApp haiuchukui ujumbe huo na kuuweka mahali pengine palipo salama zaidi. Ujumbe unabaki palepale ulipokuwa, ndani ya faili moja kubwa linalobeba mazungumzo yako yote, na pembeni yake huandikwa tu kwamba umetiwa nyota. Orodha unayoiona ukigusa nukta tatu na kuchagua Starred, au Starred messages katika simu nyingine, hukusanywa kutoka katika faili hilohilo kila unapoifungua. Ni sawa na mstari wa wino mwekundu chini ya jina la mdaiwa katika daftari la duka: daftari likiungua, mstari hauwezi kubaki peke yake.

Kutokana na hapo mambo mengi hujieleza yenyewe. Ukiufuta ujumbe, unatoka pia katika orodha ya nyota. Aliyeutuma akiufuta kwa watu wote, na ana zaidi kidogo ya siku mbili za kufanya hivyo, nyota yako haitamzuia. Katika mazungumzo yaliyowekwa muda wa ujumbe kutoweka, yaani saa 24, siku 7 au siku 90, ujumbe wenye nyota hutoweka kama mwingine wowote. Kinachouzuia kutoweka ni amri nyingine kabisa, ile ya Keep, ambayo mtumaji anaweza kuikataa. Na unapochagua Clear chat ili kupunguza uzito wa simu, soma vizuri visanduku vinavyojitokeza kabla ya kukubali, kwa sababu kimojawapo huuliza kama ujumbe wenye nyota nao ufutwe. Nimewaona watu makini, wanaotunza risiti zao kwa miaka, wakikubali kisanduku hicho kwa haraka ya kutafuta nafasi ya video ya harusi.

Faili lenyewe liko wapi

Faili ambalo WhatsApp hulitumia kila siku limefichwa ndani ya programu, na mtu wa kawaida hawezi kulifungua. Unachoweza kukiona ni nakala zake za akiba, na nakala hizo ni za aina mbili ambazo hazifai kuchanganywa.

Ya kwanza hukaa ndani ya simu yenyewe. Kila siku saa nane usiku WhatsApp huandika nakala ya mazungumzo, huifunga kwa msimbo, na kuiweka katika folda hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
```

Anayetumia WhatsApp Business ataikuta yake hapa:

```
Android/media/com.whatsapp.w4b/WhatsApp Business/Databases
```

Humo utakuta faili lenye jina kama `msgstore.db.crypt14`, na kando yake mengine ya siku za karibuni yenye tarehe katika majina yao, kwa mfano `msgstore-2025-03-12.1.db.crypt14`. Kwa kawaida huwekwa ya siku saba za mwisho. Kazi hii haihitaji intaneti wala bando. Mwezi Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchini kote wakati wa uchaguzi, hakuna aliyeweza kupeleka nakala yake mtandaoni, lakini simu iliyokuwa na chaji iliweza kuendelea kuandika nakala yake ya ndani usiku.

Nakala ya pili ni ile ya Google Drive, ambayo hupelekwa katika akaunti ya Gmail uliyoichagua na kwa kipindi ulichokichagua: kila siku, kila wiki, kila mwezi, au pale tu unapobonyeza mwenyewe. Tangu mwaka 2024 nakala hii huhesabiwa katika nafasi yako ya Google, ambayo kwa asiyelipia ni GB 15, pamoja na picha na barua pepe. Nafasi hiyo ikijaa, nakala mpya haipandi, na ile ya zamani inabaki na tarehe yake ya zamani. Mtu huendelea kuamini kwamba ana akiba, na kweli anayo, ila ni ya miezi iliyopita.

Kuna tofauti moja kati ya nakala hizi ambayo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi. Faili la `msgstore` lina maneno ya ujumbe, nyota, na taswira ndogo hafifu za picha. Picha kamili, sauti na hati haziko ndani yake. Zimo katika folda ya Media iliyo jirani na Databases. Nakala ya Google Drive hubeba picha pia, na hubeba video kama umeruhusu kwa kuwasha Include videos. Kwa hiyo ukihamisha faili la `msgstore` peke yake, nyota zote zinaweza kurudi, lakini risiti uliyoipigia picha itafunguka kama ukungu usiosomeka.

Nyota hurudi lini, na hupotea lini

Kwa kuwa nyota imo ndani ya faili, nakala ya akiba hubeba nyota zilizokuwepo wakati ilipoandikwa, si zaidi. Hapa pana hali mbili za kupoteza ambazo hazifanani, na ni vizuri kuzitofautisha kwa sababu dawa yake si moja.

Hali ya kwanza ni ya ujumbe uliofika baada ya nakala kuandikwa. Huo haumo kabisa, na hautarudi. Hali ya pili ni ya ujumbe wa zamani ambao umeutia nyota baada ya nakala kuandikwa. Huo utarudi, lakini bila nyota, na kwa kuwa hauonekani katika orodha ya Starred, mwenyewe atadhani umepotea ilhali umo katika mazungumzo na unaweza kupatikana kwa kuandika neno moja lake katika sehemu ya kutafutia.

Tuchukue mfano wa mhazini wa kikundi cha akiba na mikopo cha akina mama pale Busia, upande wa Uganda. Simu yake imewekwa kupeleka nakala Google Drive kila wiki, na ya mwisho ilipanda usiku wa Jumapili. Jumatatu mwanachama mmoja alimtumia picha ya uthibitisho wa malipo ya shilingi 400,000, naye akaitia nyota. Jumatano, wanachama walipobishana juu ya riba, alitafuta ujumbe wa mwezi uliopita wenye makubaliano yao, akautia nyota pia. Alhamisi mchana simu ilianguka kutoka kwenye boda, kioo kikapasuka na kuwa cheusi, ingawa simu yenyewe iliendelea kulia ikipigiwa.

Akinunua simu nyingine jioni ileile na kurejesha kutoka Google Drive, atapata mazungumzo yalivyokuwa Jumapili. Nyota zote za kabla ya Jumapili zitakuwepo. Ujumbe wa makubaliano ya riba utakuwepo bila nyota. Picha ya shilingi 400,000 haitakuwepo, na itambidi amwombe mwanachama aitume tena. Lakini ndani ya simu iliyopasuka kuna nakala ya Alhamisi saa nane usiku, na nakala hiyo ina vyote viwili pamoja na nyota zake. Kilichokufa ni kioo tu, na faili ni zima. Kwa hiyo swali la kwanza kwake si simu gani anunue, bali ni kama simu ya zamani inaweza kufunguliwa kwa dakika chache ili folda itolewe.

Kuokoa nakala ya ndani

Kabla ya jambo lolote, asiisajili namba yake kwenye simu mpya. Kama alikuwa ameunganisha WhatsApp na kompyuta ya ofisini, kompyuta hiyo huendelea kufanya kazi hata simu ikiwa imezimika, hadi siku 14, na orodha ya Starred inafunguka humo. Azipige picha risiti zilizomo au azipakue ziwe faili za kawaida. Akishasajili namba kwenye simu mpya, vifaa vilivyounganishwa hutolewa na nafasi hiyo hufungwa. Watu wengi hulikimbilia jambo la kusajili kwa hofu ya kukosa ujumbe unaoingia, na hofu hiyo haina msingi, kwa sababu ujumbe uliotumwa wakati simu imezimika husubiri kwanza kwenye mitambo ya WhatsApp.

Baada ya hapo simu ya zamani ipelekwe kwa fundi. Fundi anayeijua kazi yake atachomeka kioo kingine kwa muda, bila hata kukifunga kwa gundi, ili mwenye simu aweke namba yake ya siri. Simu ikifunguka, iunganishwe na kompyuta kwa waya wa chaji unaopitisha data, kisha kwenye taarifa ya USB inayojitokeza juu ya kioo ichaguliwe File transfer. Bila kuifungua simu kwanza, kompyuta itaona jina la simu tu na folda tupu. Ndani ya kompyuta fuata njia niliyoiandika hapo juu hadi ndani ya `com.whatsapp`, kisha nakili folda nzima iitwayo WhatsApp, ikiwa na Databases na Media, uiweke kwenye kompyuta. Picha zikiwa nyingi, kazi hii inaweza kuchukua muda mrefu. Umeme ukiwa wa kusuasua, tumia kompyuta yenye betri. Ukimaliza, fungua Databases iliyo kwenye kompyuta na uhakikishe kwamba `msgstore.db.crypt14` ina tarehe ya leo, na kwamba ukubwa wake si sifuri. Baadhi ya simu zina `crypt15` badala ya `crypt14`, hasa pale mwenye simu alipowasha ulinzi wa nakala kwa nenosiri. Usilibadilishe jina hilo.

Nakala hiyo imefungwa, na ufunguo wake hutolewa na WhatsApp namba inapothibitishwa. Ndiyo maana laini lazima iwe ileile. Kama simu imeibwa pamoja na laini, hatua inayotangulia zote ni kwenda kituo cha huduma cha kampuni ya laini yako na kitambulisho cha taifa, na mara nyingi barua ya polisi, ili upewe laini nyingine yenye namba ileile. Kama uliweka namba ya siri ya tarakimu 6 kwa ajili ya kuthibitisha akaunti na umeisahau, na hukuambatanisha barua pepe ya kuibadilishia, utasubiri siku 7, na ni bora kuzisubiri kuliko kufungua akaunti kwa namba mpya na kuacha akiba nyuma.

Sasa simu mpya. Kabla WhatsApp haijafunguliwa humo hata mara moja, iunganishe na kompyuta, nenda katika folda ya `Android/media`, tengeneza humo folda iitwayo `com.whatsapp`, na uweke ndani yake ile folda ya WhatsApp uliyoinakili. Majina yaandikwe herufi kwa herufi, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Kisha weka WhatsApp, thibitisha namba, na ukubali inapoomba ruhusa ya kuona faili na picha, kwa sababu ukikataa haitaiona nakala hata ikiwa imewekwa mahali pake.

Hapa ndipo panapohitaji utulivu. WhatsApp ikigundua akiba, huonyesha ukurasa wenye kitufe cha Restore, na juu yake huandika tarehe ya nakala na ukubwa wake. Soma tarehe hiyo. Katika mfano wetu, mhazini alitaka kubonyeza mara moja, na fundi akamzuia kwa maneno machache: “Mama, subiri kidogo, hii inasema Jumapili.” Akaunti ya Gmail iliyokuwa na nakala ya Drive ilikuwa tayari imeingizwa kwenye simu mpya, hivyo WhatsApp ilitangulia kuichukua hiyo. Katika hali kama hiyo usibonyeze Restore, wala usibonyeze Skip. Funga programu, iondoe, ondoa na akaunti hiyo ya Gmail kwenye simu kwa muda, hakikisha kwamba folda uliyoiweka bado ipo au iweke upya, kisha anza tena. WhatsApp isipoiona akaunti ya Drive, hutafuta nakala ya ndani na kuonyesha tarehe yake. Tarehe ikisoma Alhamisi, bonyeza Restore. Nakala mbili haziwezi kuunganishwa; unachagua moja, na mazungumzo yote yanakuwa ya siku hiyo.

Ikitokea kwamba ujumbe unaoutaka ulifutwa jana na nakala ya usiku wa jana tayari haina, unaweza kurudi kwenye nakala ya siku ya nyuma. Liondoe faili la `msgstore.db.crypt14` kwenye folda na ulihifadhi kando, chukua lenye tarehe unayoitaka, na uondoe tarehe katika jina lake:

```
msgstore-2025-03-10.1.db.crypt14
msgstore.db.crypt14
```

Mstari wa kwanza ni jina lilivyo, wa pili ni jina jipya. Kisha urejeshe kama kawaida. Fahamu tu kwamba kila kilichoingia baada ya tarehe hiyo kitakosekana, kwa hiyo nakala ya leo ihifadhiwe kwanza kwenye kompyuta.

Vilivyobandikwa na ulivyojitumia

Ujumbe uliobandikwa juu ya mazungumzo una maisha mafupi zaidi. Anayeubandika huchagua saa 24, siku 7 au siku 30, na muda huo ukiisha bandiko hujiondoa lenyewe, hata kama simu haijabadilishwa. Mazungumzo mamoja hubeba mabandiko yasiyozidi matatu. Tofauti yake na nyota ni kwamba bandiko huonekana kwa wote waliomo, ilhali nyota ni yako peke yako. Lakini bandiko nalo ni kiashirio tu cha ujumbe uliomo katika faili lako: kama ujumbe haumo katika nakala uliyorejesha, hakuna cha kuonyesha hapo juu, ingawa wenzako kikundini bado wanauona. Dawa yake ni rahisi. Mwombe mmoja wao autume upya, kisha msimamizi aubandike tena. Ratiba ya mikutano au namba ya akaunti ya kikundi haifai kuachwa iishi katika bandiko la siku 30.

Kuhusu ujumbe uliojitumia mwenyewe, kuna imani iliyoenea ambayo nataka kuipinga kwa uwazi. Watu hujitumia picha ya kitambulisho, hati ya kiwanja na namba za mita wakiamini kwamba wameziweka mahali salama. Mazungumzo hayo na nafsi yako ni mazungumzo kama mengine. Yamo katika faili lilelile, katika simu ileile, na yataokoka au kupotea pamoja na mengine yote. Yanasaidia kupanga, lakini hayaongezi usalama hata kidogo.

Telegram imejengwa kwa namna nyingine. Sehemu yake iitwayo Saved Messages haikai kwenye simu. Imo katika mitambo ya Telegram, na ukiingia kwa namba yako kwenye simu yoyote unaikuta ilivyo, bila nakala ya akiba wala kurejesha chochote. Mabandiko ya Telegram nayo hayana siku ya mwisho, hukaa mpaka yaondolewe. Mazungumzo yake ya siri ndiyo pekee yanayobaki kwenye kifaa kimoja na kupotea nacho. Kwa hiyo kwa risiti ambazo hutaki zitegemee afya ya simu, Saved Messages ni bora kuliko nyota ya WhatsApp, kwa masharti mawili. Weka nenosiri la ziada la Two-Step Verification, kwa sababu atakayeipata laini yako anaweza kujaribu kuingia; na angalia katika Privacy and Security sehemu ya If away for, inayosema akaunti ifutwe baada ya miezi mingapi ya kutotumika. Namba za siri za pesa za simu zisiwekwe humo wala popote.

Kuhakiki

Kabla ya kubadilisha simu kwa hiari, yaani simu zote mbili zikiwa nzima, usitegemee nakala ya usiku uliopita. Fungua Settings, kisha Chats, kisha Chat backup, na ubonyeze Back up ukiwa kwenye Wi-Fi. Subiri mpaka tarehe na saa zinazoonyeshwa kwa Google Drive na zile zinazoonyeshwa kwa Local zibadilike kuwa za sasa. Ya Google Drive ikibaki nyuma, huenda nafasi ya Google imejaa au mtandao umekatika. Fungua pia orodha ya Starred na uandike kwenye karatasi ujumbe wa juu kabisa na wa chini kabisa, kwa jina la mtumaji na tarehe. Simu mbili zikiwa pamoja mezani, kuna njia fupi zaidi: Transfer chats, iliyo chini ya Chats, ambayo hupitisha mazungumzo na picha moja kwa moja kutoka Android hadi Android kwa kupiga picha ya msimbo wa QR, bila kupitia Drive. Usitegemee Export chat kwa kazi hii. Hutoa faili la maneno lisiloonyesha ni ujumbe upi ulikuwa na nyota.

Baada ya kurejesha, fungua Starred na ulinganishe na karatasi. Usiishie kuona orodha. Gusa kila picha unayoijali mpaka ifunguke kikamilifu. Ukirejesha kutoka Drive, maneno hutangulia na picha hufuata polepole nyuma yake, hivyo picha yenye ukungu siku ya kwanza si lazima iwe imepotea. Iache simu kwenye Wi-Fi na chaji usiku mmoja. Kama asubuhi yake bado ina ukungu na WhatsApp inasema faili halipo, tafuta katika folda ya Media uliyoinakili kwenye kompyuta, kwa sababu picha zimo humo kwa majina yenye tarehe, kwa mfano `IMG-20250310-WA0004.jpg`, na hazijafungwa kwa msimbo wowote.

Aliyewasha ulinzi wa nakala kwa nenosiri, uitwao End-to-end encrypted backup, ataulizwa nenosiri hilo au ufunguo wa herufi na tarakimu 64 kabla ya nakala kufunguka. WhatsApp haiwezi kukurudishia. Unaweza kulibadilisha ukiwa bado umo ndani ya programu kwenye simu ya zamani, kwa hiyo likaguliwe siku hiyo ya mwisho.

Jambo moja liachwe mpaka mwisho kabisa, nalo ni kuwasha tena nakala za Google Drive kwenye simu mpya. Drive huweka nakala moja tu ya namba yako, na mpya hufuta ya zamani. Simu iliyorejeshwa nusu, au iliyoanzishwa kwa kubonyeza Skip, ikipeleka nakala yake usiku huo, itaifunika ile nzuri. Kwa hiyo kwanza linganisha nyota, fungua picha, rudisha kwa mkono nyota ya ujumbe uliorudi bila alama, na ukisharidhika ndipo uchague kipindi cha kila siku na ubonyeze Back up.